Salamu ni Haki, Pambaja ni Mapenzi



Wasomaji wetu wapendwa, juma hili tumeiweka mbele yetu barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, aliyeolewa upande wa Kitui na ambaye sasa ana miaka minane huko. Tumemwomba idhini ya kuizungumza hadharani bila ya kumtaja, naye ameridhia, kwa kuwa anaamini hayuko peke yake. Sisi pia twaamini hivyo.

Dada huyu anaishi ua mmoja na wifi yake, dada wa mumewe, aliyemzidi umri. Miaka miwili iliyopita, mbele ya wanawake waliokuwa wakipika pilau ya arusi, wifi huyo alisema kwamba fedha za dawa za mama mkwe zilikuwa zikiishia katika nguo za mke wa kaka yake. Halikuwa neno la kweli. Stakabadhi za duka la dawa zilikuwapo, na mume alizionyesha. Watu wakanyamaza, arusi ikapita, lakini wifi hakuomba radhi hata siku moja. Swali la dada yetu ni fupi: "Nikimkumbatia najiona mnafiki, nikimpita kimya najiona mkosa. Je, hakuna njia ya tatu?"

Njia ya tatu ipo. Ila kwanza na tutazame mahali wanapokutana, kwani ugumu wa jambo hili umo humo.

Wenyeji wa miji yetu ya pwani wanaweza kumkwepa mtu kwa kupita uchochoro mwingine. Katika vijiji vya Kitui na Makueni mambo si hivyo. Mito mingi huko ni ya msimu. Mvua zikiisha, maji hujificha chini ya mchanga, na miezi ya kiangazi inapofika, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, wanawake huchimba mashimo mtoni na kungoja. Maji huingia shimoni polepole. Anayechota hushuka ndani na kikombe au kibakuli, akajaza mtungi wa lita 20, kisha hungoja maji yarudi kabla ya kuanza mwingine. Mwenye punda na mitungi minne hukaa hapo muda mrefu, na anayemfuatia hukaa zaidi. Mara nyingi aliye ndani ya shimo humpandishia mtungi aliye juu, mkono kwa mkono. Basi dada yetu na wifi yake hukutana ukingoni mwa shimo kila baada ya siku moja, Ijumaa wakakutana katika safu ya wanawake msikitini, na jioni chumbani kwa mama mkwe. Ushauri wa kwamba ajiepushe naye hauna maana hapo. Wataonana wapende wasipende.

Anatueleza kuwa amekwisha kujaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kimya. Kwa muda wa mwezi mzima alipita kama asiyeona mtu. Wanawake wa mtoni wakagawanyika, hawa wakiteka maji naye, wale na wifi. Watoto wa nyumba hizo mbili, waliokuwa wakicheza pamoja, wakaanza kupitana kimya vilevile, bila ya kuambiwa na mtu. Mama mkwe naye, aliyekuwa akiwaita wote wawili jioni, akawa anamwita mmoja mmoja.

Alipoona hayo akageukia upande wa pili. Akaanza kumkumbatia wifi, kumwita kipenzi, kumsifu leso zake na kumwambia kuwa nyumba haina raha asipokuwapo. Anakiri kwamba kila aliporudi nyumbani alimteta kwa mumewe hadi usiku. Na wifi hakudanganyika. Siku moja alimwuliza mbele ya watu, "Unanicheka?" Dada yetu hakuwa na jibu.

Tukiyatazama makosa hayo mawili, twaona yametoka katika dhana moja, nayo ni kwamba salamu ni tangazo la mapenzi. Aliyenyamaza alisema moyoni, "Simpendi, kwa hiyo sina salamu naye." Aliyekumbatia alisema, "Ni lazima nimsalimu, kwa hiyo sina budi nionyeshe kuwa nampenda." Dhana hiyo si sahihi.

Tazameni maana ya maneno yenyewe. Anayesema "Assalaamu alaykum" hasemi kwamba anakupenda, wala kwamba amekusamehe, wala kwamba yaliyopita yamesahauliwa. Anakuombea amani kwa Mwenyezi Mungu, na ndani ya dua hiyo mna ahadi kwamba kwake yeye uko salama. Mtu anaweza kuyasema maneno hayo kwa ukweli mtupu kwa yule ambaye moyo wake haujamwelekea. Dada yetu hamtakii wifi yake ajali, wala maradhi, wala njaa. Akimwombea amani hasemi uongo. Ahadi ya usalama nayo anaweza kuitimiza, kwa kutomdhuru kwa mkono wala kwa ulimi.

Kwa hiyo salamu ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na haki hailipwi kwa kadiri ya mapenzi, kama vile deni halipungui kwa sababu mdai ana maneno makali. Pambaja, busu la shavuni, jina la mahaba na sifa ni jambo jingine. Hizo ni zawadi za mapenzi. Zawadi hutolewa na mwenye nazo. Asiye nazo hana kosa kwa kutozitoa.

Qurani yenyewe imeacha nafasi hii. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 86, Waumini wameamrishwa kwamba wanapoamkiwa wajibu kwa maamkizi yaliyo bora zaidi, au wayarudishe mfano wake. Daraja ni mbili. Ya juu ni hisani, ya chini ni uadilifu, na zote mbili zimekubaliwa. Dada yetu akiambiwa "Assalaamu alaykum" na akajibu "Waalaykumu salaam", bila ya kuongeza, amelipa kilicho juu yake. Siku moyo wake utakapomruhusu kuongeza rehema na baraka, ataongeza.

Ila daraja ya chini nayo ina masharti yake. Imamu An-Nawawi, katika kitabu chake cha adhkari, amebainisha kuwa jibu la salamu litolewe papo hapo na kwa sauti ya kumsikilizisha aliyesalimu. Kutikisa kichwa peke yake hakutoshi, wala kunong'ona kooni. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Hudhani tumejibu, kumbe tumegugumia neno ambalo hata nzi aliye begani hakulisikia. Aliyesalimu huondoka akijua amekataliwa, na sisi huondoka tukijiona tumetimiza.

Sasa, nani aanze? Swali hili huwatesa waliokosana, kwa kuwa kila mmoja huhisi kwamba kuanza ni kushindwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametutua mzigo huo. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, aliyepanda humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyekaa, wachache huwasalimu wengi, na katika mapokezi ya Bukhari, mdogo humsalimu mkubwa. Mpangilio huo hauulizi nani alimkosea nani. Unatazama tu mko wapi na mnafanya nini. Basi dada yetu akifika mtoni na kumkuta wifi amekaa akingoja maji, yeye ndiye mwenye kuanza, na hajashindwa lolote. Akiwa yeye ndiye aliyekaa na wifi ndiye anayekuja na punda, zamu ni ya wifi. Wakikutana njiani wote wawili wakitembea, dada yetu ndiye mdogo, basi aanze yeye.

Wifi asipotekeleza zamu yake je? Abu Ayyub al-Ansari, radhi za Allah zimshukie, amepokea kwa Mtume kwamba si halali mtu kumhama ndugu yake zaidi ya masiku matatu, wakikutana huyu akageuka huku na yule kule, na kwamba mbora wao ni yule anayeanza salamu. Siku tatu ni nafasi ya hasira kupoa, kwa kuwa Mola anajua tulivyoumbwa. Baada ya hapo anayeanza ndiye mbora, hata kama zamu haikuwa yake.

Wanazuoni wameuliza pia kama salamu peke yake yatosha kumtoa mtu katika dhambi ya kuhama. Malik na Shafi'i wameona kuwa yatosha. Imamu Ahmad ameona kwamba ikiwa kutozungumza bado kunamuudhi mwenzako, salamu peke yake haikati uhamaji huo. Twaitaja tofauti hii kwa sababu ina funzo kwa dada yetu. Salamu ikitolewa kisha ukafungwa mlango wa kila neno jingine, hata la maji na la dawa za mama, hiyo bado ni adhabu iliyovikwa nguo ya adabu. Maneno ya haja yasikatwe. Hadithi na soga ndizo ambazo hakuna anayemlazimisha.

Tumefika kwenye kiini cha swali lake, hofu ya unafiki. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, amesimulia kisa kilichomo katika Bukhari. Mtu mmoja aliomba ruhusa ya kuingia kwa Mtume. Kabla hajaingia, Mtume alimtaja kuwa ni mtu mbaya katika kabila lake. Alipoingia, Mtume alisema naye kwa upole. Bibi Aisha akashangaa, akamwuliza baada ya yule kuondoka. Akajibiwa kwamba miongoni mwa watu waovu kabisa ni yule ambaye watu humwacha kwa kuiogopa shari yake.

Wanazuoni wamekaa sana na kisa hiki, na kutokana nacho wametenganisha mambo mawili ambayo majina yake yanafanana kwa sauti: mudara na mudahana. Mudara ni kutoa kitu cha dunia, kama uso mkunjufu na neno laini, ili dini au dunia itengenee. Mudahana ni kuitoa dini yenyewe ili mtu apate dunia. Al-Qurtubi, ambaye maneno yake yamenakiliwa na Ibn Hajar katika sherehe ya Bukhari, ameonyesha jambo ambalo twaomba kila msomaji alishike: Mtume alimpa mtu yule upole wa kukaa naye na kusema naye, lakini hakumsifu. Kwa hiyo kauli yake ya kwanza na kitendo chake cha pili havikupingana.

Mpaka ndio huo. Upole si uongo, kwa kuwa upole ni namna ya kutenda, nawe unautenda kweli. Sifa usiyoiamini ni uongo, kwa kuwa ni habari, na habari hiyo si kweli. Dada yetu alipolainisha sauti hakuwa mnafiki. Alipomwambia wifi kuwa nyumba haina raha bila yeye, hapo ndipo alipouvuka mpaka, na moyo wake ukamshitaki kwa haki.

Wenyeji wa Ukambani hawakuhitaji kufundishwa kwamba heshima inaweza kwenda pamoja na umbali. Katika mila zao za zamani lipo neno nthoni, yaani ile haya ambayo mkwe wa kiume alikuwa nayo kwa mama mkwe wake. Akimwona njiani alimpisha pembeni, asimkabili uso kwa uso. Hakuna aliyedhani anamchukia. Umbali ule ulikuwa ndio adabu yenyewe. Hatusemi tuifuate mila hiyo, kwa kuwa sisi tumeamrishwa salamu. Twasema tu kwamba mtu anaweza kusimama hatua mbili mbali na akawa na heshima kamili.

Basi na tumfikirie dada yetu siku ya kesho. Anashuka mtoni na punda wake. Wanawake watano wamekaa mchangani, wifi akiwamo, na baadhi yao ni majirani Wakamba wasio Waislamu. Kosa jepesi hapo ni kumwamkia kila mmoja kwa jina na kicheko, kisha kumwekea wifi neno moja kavu. Wifi ataumia, si kwa neno lile, bali kwa kulilinganisha na ya wenzake. Na majirani wataona. Ni bora atoe salamu moja kwa wote, awaambie majirani "Mwi aseo?" kwa Kikamba chao, kisha amgeukie wifi kwa sauti ile ile:

"Assalaamu alaykum, wifi."

"Waalaykumu salaam."

"Mama ameamkaje leo?"

"Ameamka vyema. Amekunywa uji."

"Alhamdulillahi."

Hayo yanatosha. Litazameni swali hilo moja. Waswahili tuna mlolongo mrefu wa kujuliana hali: za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, za kazi. Kwa mtu usiyempenda, mlolongo mzima huwa mzigo, na majibu yake huwa ya mdomoni tu. Mshauri wetu mmoja, mama mtu mzima, hutwambia tuchague swali moja tu ambalo kweli tunataka kulijua jibu lake. Dada yetu anataka kweli kujua mama ameamkaje. Kwa hiyo swali lake ni la haki, na wifi atasikia kuwa ni la haki.

Mkono ukinyoshwa, aushike na kuuachilia. Wifi akifungua mikono ya pambaja, asimsukume. Ampe mkono wa kulia mapema, kabla hajamkaribia mno, na wengi huelewa. Zamu ya kupokezana mitungi ikifika, aupokee mtungi kwa mikono miwili na aseme ahsante, kwa kuwa ahsante ya mtungi ni ya kweli.

Kuna alama mbili za kujua kwamba mambo yameharibika. Ya kwanza ni yale yanayofuata nyumbani. Ukimsalimu mtu asubuhi kisha ukamteta jioni, ile ahadi ya usalama iliyomo ndani ya salamu umeivunja, na salamu ya kesho ndiyo itakayokuwa ya unafiki. Dada yetu alidhani unafiki wake ulikuwa mtoni. Sisi twaona ulikuwa zaidi katika yale mazungumzo ya usiku. Ya pili ni pale mwenzako anapoichukua adabu kuwa ni ukaribu, akaanza kuomba mkopo au kutaka siri za nyumba. Hapo jibu ni "Hapana, wifi, sitaweza," kwa sauti ile ile ya salamu. Ukipandisha sauti, atajua upole ulikuwa ngozi tu. Ukikubali kwa kuona haya, utamchukia zaidi.

Na asipojibu salamu? Dada yetu asiirudie kwa sauti ya juu ili watu wasikie, maana hiyo si dua tena, ni mashitaka. Amekwisha kutoka katika kuhamana, na dhambi ya kunyamaza imebaki kwa aliyenyamaza. Siku inayofuata asalimu tena kama kwamba jana haikuwapo.

Mipaka nayo ipo. Haya tumeyasema juu ya mtu aliyekuudhi. Yule ambaye kumkaribia kwaleta madhara ya kweli, anayepiga, anayetishia, anayewavizia watoto, huyo ana hukumu nyingine. Ibn Abdil-Barr na wengineo wameruhusu kujitenga na mtu ambaye kuzungumza naye kunaharibu dini au kunaleta madhara ya dunia. Asiambiwe mwanamke anayeogopa kuumizwa kwamba wajibu wake ni kupiga hatua mbele na kutoa mkono.

Tulimwandikia dada yetu maneno haya kabla ya mfungo, naye ametuletea habari. Wifi hakujibu siku mbili za mwanzo. Ya tatu alijibu bila ya kutazama. Radhi hajaomba mpaka leo, na dada yetu anasema bado neno la arusini humchoma anapolikumbuka. Hawatembeleani. Lakini watoto wamerudi kucheza, na mwezi uliopita, alfajiri moja, wifi alimgongea mlango, akasema, "Assalaamu alaykum. Mama amezidiwa, njoo tumshike." Wakamshika, mmoja kulia mmoja kushoto, hadi barabarani kwenye gari. Dada yetu anasema njiani hawakuzungumza lolote ila habari za mama.

Mama amerudi nyumbani, na jioni sasa huwaita wote wawili kwa pamoja.

Wabillahi tawfiq.